Waya wa Mwanga Katika Nchi ya Radi

Mvua ikishika kasi juu ya mapaa ya bati ya Ngara Mjini, Rulenge au Nyakahura, televisheni hugeuka picha bubu. Msomaji wa taarifa ya habari anaonekana akifungua na kufumba mdomo, refa anapuliza filimbi isiyosikika, na rimoti inabonyezwa hadi sauti ifike 100 bila nafuu yoyote. Kosa si la bati peke yake. Televisheni bapa za siku hizi zimekondeshwa mno. Spika zake ni ndogo, zimebanwa chini au nyuma ya kioo, na sauti inayotoka humo hugonga kwanza meza au ukuta kabla ya kumfikia aliyeketi kwenye kochi. Kwa sababu hiyo watu wanatafuta saundibaa, ile spika ndefu nyembamba inayolazwa chini ya televisheni, yenye sauti inayomwelekea mtazamaji moja kwa moja.

Kuinunua ni kazi rahisi. Ugumu huanza inapofika nyumbani na mtu akaigeuza nyuma, akakuta matundu kadhaa na maandishi yasiyojieleza: HDMI ARC, OPTICAL, AUX, USB. Muuzaji ameshamwambia kwamba asihangaike, kwa kuwa kifaa kina blutuuthi na hakihitaji waya wowote. Jirani anayejua mambo anamwambia HDMI ndiyo ya kisasa. Waya wa mwanga, ule wa tundu la OPTICAL, mwembamba, mweusi, wenye vifuniko vidogo vya plastiki kila ncha, mara nyingi hubaki ndani ya boksi ukiwa umefungwa vilevile ulivyotoka kiwandani.

Waya huo ndio unaostahili kufikiriwa kwanza katika nyumba nyingi za Ngara na Biharamulo. Kwa ubora wa sauti hauzidi wenzake, na kuna jambo moja ambalo HDMI inauzidi waziwazi. Sababu ya kuupendekeza inatokana na umeme wa wilaya hizi na radi zake, mambo mawili ambayo kijitabu cha maelekezo kilichochapishwa mbali na hapa hakiyagusi.

Lakini blutuuthi itangulie, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa zaidi dukani. Uzuri wake ni wa kweli: hakuna waya wa kupitisha nyuma ya kabati, na mtoto yeyote mwenye simu anaweza kuiunganisha. Kwa muziki wa simu, kwa kusikiliza redio kupitia simu, au kwa mahubiri yaliyopakuliwa, hakuna sababu ya kutafuta njia nyingine. Shida inaanza pale blutuuthi inapopewa kazi ya kubeba sauti ya televisheni.

Sauti ikipita kwa blutuuthi hufungashwa upya, hurushwa vipande vipande, kisha hukusanywa na kufunguliwa ndani ya saundibaa. Kwa vifaa vya kawaida kazi hiyo huchukua kati ya milisekunde 100 na 250 hivi, yaani hadi robo ya sekunde. Robo ya sekunde ni kidogo kwa mtu anayesubiri basi, ila kwa macho na masikio ni nyingi. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, uliwahi kupima jambo hili na kueleza kwamba mtazamaji huanza kugundua kasoro sauti inapochelewa nyuma ya picha kwa milisekunde 125 hivi, au inapoitangulia kwa 45 tu. Blutuuthi ya kawaida basi inatembea juu ya mpaka huo au nje yake kabisa. Mpira unaonekana umeshatoka mguuni ndipo kishindo chake kinasikika. Msomaji wa habari anafunga mdomo huku neno la mwisho likiwa bado njiani.

Hapo wengi huingia kwenye menyu ya televisheni, wakakuta mpangilio unaoitwa AV Sync au Audio Delay, wakaanza kuusogeza juu na chini wakitumaini utaponya ugonjwa. Hauponyi. Katika televisheni nyingi mpangilio huo una uwezo wa kuichelewesha sauti, na sauti hapa imeshachelewa. Kinachotakiwa ni kuichelewesha picha, na televisheni ya kawaida haitoi nafasi hiyo kwa picha inayotoka kwenye king'amuzi. Simu ni tofauti kwa sababu programu ya video ndani ya simu inajua kwamba blutuuthi inachelewa, na inaweza kuishikilia picha kidogo mpaka sauti ifike. Ndiyo maana mtu anaweza kutazama video kwenye simu, akasikiliza kwa saundibaa ileile na asione tatizo lolote, kisha akaunganisha na televisheni akashangaa midomo inakwenda peke yake. Saundibaa ni nzima. Ziko blutuuthi zilizotengenezwa kupunguza kuchelewa huko, ila teknolojia hiyo lazima iwemo kwenye televisheni na kwenye saundibaa pia, na vifaa vya bei ya kati mara nyingi havina.

Liko pia jambo la msingi zaidi: televisheni nyingi za bei nafuu haziwezi kurusha sauti kwa blutuuthi hata kidogo. Neno Bluetooth likiwa limeandikwa kwenye boksi la saundibaa linahusu saundibaa, halisemi chochote kuhusu televisheni iliyoko nyumbani. Anayetaka njia hii aikague televisheni yake kwanza, kwenye mipangilio ya sauti, kama inaorodhesha spika za blutuuthi. Isipoorodhesha, habari imeishia hapo.

HDMI ni habari nyingine. Kwa miaka mingi waya huu ulibeba picha na sauti kuelekea upande mmoja tu, kutoka king'amuzi kwenda televisheni. Mwaka 2009 toleo la HDMI 1.4 lilileta ARC, njia ya sauti inayorudi kinyume: televisheni inaweza kuirudisha sauti kwenda kwenye saundibaa kupitia tundu lilelile. Pamoja nayo hutumika CEC, mfumo wa vifaa kupeana amri. Hapo ndipo HDMI inapouzidi waya wa mwanga. Rimoti ya televisheni inapandisha na kushusha sauti ya saundibaa, na televisheni ikizimwa, saundibaa nayo inazimika. Kwa nyumba yenye mzee ambaye hataki kushika rimoti tatu, faida hiyo ni kubwa na haifai kubezwa.

Makosa ya kuunganisha ni machache na yanajirudia. ARC haipo katika kila tundu la HDMI. Kwenye televisheni nyingi ni tundu moja, na pembeni yake pameandikwa ARC au eARC. Waya ukichomekwa tundu la jirani, kimya. Mara nyingi king'amuzi ndicho kimekalia tundu hilo tangu siku ya kwanza, kwa sababu fundi wa dishi alichomeka pale palipokuwa karibu na mkono wake. King'amuzi kihamie tundu lingine, nalo la ARC liachiwe saundibaa. Kisha CEC iwashwe kwenye menyu, nayo haiitwi hivyo kila mahali: Samsung huiita Anynet+, LG huiita SIMPLINK, Sony huiita BRAVIA Sync. Mtu anayetafuta herufi CEC kwenye televisheni ya Samsung anaweza kumaliza jioni nzima bila kuziona.

Kuhusu eARC, iliyokuja na HDMI 2.1 mwaka 2017, wauzaji huieleza kana kwamba bila hiyo sauti si sauti. Inabeba sauti nyingi zaidi kwa wakati mmoja, zikiwemo zile za sinema zinazoonekana kama zinatoka darini. Kwa mwenye saundibaa ghali, intaneti ya kasi na filamu za kulipia, tofauti inasikika. Kwa anayetazama taarifa ya habari, tamthilia na ligi kupitia king'amuzi, sauti anayopokea kwa kawaida ni ya pande mbili, kushoto na kulia, na hiyo inapita bila shida katika ARC ya zamani na hata katika waya wa mwanga.

Sasa umeme wenyewe. Kabla ya gridi ya Taifa kufika, miji ya Ngara na Biharamulo iliishi kwa majenereta ya dizeli. Leo hali imebadilika, na katika Maporomoko ya Rusumo, kwenye Mto Kagera mpakani na Rwanda, kuna mtambo wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawa kwa sawa. Hata hivyo, kuwa na mtambo jirani hakumhakikishii mteja wa mwisho wa laini umeme usiotetereka. Unakatika, unarudi, unashuka, unapanda. Na nyumba nyingi, hasa zile zilizotandazwa nyaya kwa gharama ndogo, hazina ardhi ya kuaminika: ile fimbo ya chuma iliyozikwa chini na waya wake wa kijani na njano ama haipo, ama ipo kwa jina tu.

Dalili ya nyumba isiyo na ardhi nzuri watu wanaijua ingawa hawaipi jina. Ukigusa gamba la chuma la king'amuzi, au sehemu ya chuma ya ncha ya waya, vidole vinahisi mwasho, kama umeme unaonong'ona. Hayo si mawazo. Adapta nyingi za vifaa hivi zina vijisehemu vinavyoruhusu umeme kidogo sana upenye hadi kwenye chuma cha kifaa, na pasipo na ardhi ya kuumeza, chuma hicho kinaweza kusimama karibu na nusu ya volti 230 za ukutani. Mkondo wake ni mdogo mno kumdhuru mtu. Kwa chipu iliyo nyuma ya tundu la HDMI ni suala jingine, kwa sababu chipu hiyo imezoea volti chache tu. Mtu akichomeka waya wa HDMI huku televisheni na saundibaa zote zimechomekwa ukutani, ile tofauti ya volti inaweza kujimwaga kupitia pini nyembamba za waya katika sekunde ya kugusana. Mara nyingi hakitokei kitu. Siku moja tundu linakufa. Kwa hiyo kanuni ya HDMI katika nyumba ya namna hii ni moja: plagi zote zitoke ukutani kwanza, waya uchomekwe, ndipo umeme urudi.

Halafu kuna radi. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Usiku mawingu ya ngurumo hujijenga juu ya ziwa, na mara nyingi husukumwa magharibi kuelekea Kagera, na mchana vilima vyenyewe hutengeneza ya kwao. Radi haihitaji kuipiga nyumba ndipo iharibu vifaa. Ikipiga mti au nguzo ya umeme jirani, huamsha volti za ghafla katika kila waya mrefu ulio karibu, na nyumba yenye televisheni ya dishi ina nyaya ndefu mbili: ule wa umeme unaotoka kwenye nguzo na ule unaoshuka kutoka kwenye dishi. Nyaya hizo mbili haziamki kwa kiwango kimoja. Tofauti kati yake hutafuta njia ya kusawazishwa, na njia yenyewe hupita ndani ya nyumba: inashuka kwa waya wa dishi, inaingia kwenye king'amuzi, inavuka kwa HDMI hadi kwenye televisheni, na kama televisheni imeunganishwa na saundibaa kwa HDMI, inavuka tena hadi huko. Kila kifaa kilichofungwa kwenye mnyororo huo wa shaba kimefunguliwa mlango.

Mafundi wa televisheni wanazijua dalili zake. Televisheni inawaka, picha ya menyu ni safi, lakini matundu ya HDMI yote yanasema No Signal hata yakiletewa king'amuzi kipya. King'amuzi kinawaka taa ila hakioni dishi. Saundibaa inaimba vizuri kwa blutuuthi na haisikii kitu kwa ARC. Mara nyingi tatizo ni chipu za mapokezi zilizoungua, na kuzibadilisha kunahitaji vifaa na ustadi usiopatikana kila kijiji. Kwa mtu wa Kabanga au Lusahunga aliyenunua saundibaa yake Kahama au Mwanza, kuirudisha dukani kunamgharimu nauli na siku ya kazi, na bado muuzaji anaweza kusema dhamana haihusu radi.

Waya wa mwanga hauna shaba ndani. Ni uzi wa plastiki angavu uliofunikwa ganda, na unachobeba ni mwanga mwekundu unaowaka na kuzimika mara mamilioni kwa sekunde. Toshiba ilibuni mfumo huu mwaka 1983, na ndiyo maana waya wenyewe bado unaitwa TOSLINK kwenye maboksi mengi. Plastiki haipitishi umeme. Televisheni inaweza kuwa na volti za ajabu kwenye chuma chake, king'amuzi kinaweza kuwa kimeguswa na radi ya juzi, lakini kati ya televisheni na saundibaa hakuna njia ya mkondo kupita. Mwasho wa vidole hauvuki, na cheche ya kuchomeka haipo. Hata mvumo wa chini chini unaosikika kwenye spika mtu anapotumia waya wa AUX katika nyumba isiyo na ardhi, ule mlio unaofuata mapigo ya umeme, kwa kawaida hunyamaza mara waya wa mwanga unapochukua nafasi yake.

Haki itendeke: blutuuthi nayo inatenganisha vifaa hivi kwa namna hiyohiyo, kwa kuwa haina waya. Na waya wa mwanga haumalizi hatari. Saundibaa bado imechomekwa ukutani, na volti za ghafla zinaweza kuingia kwa plagi. Kinachofanyika ni kufunga mlango mmoja kati ya miwili, tena ule ambao watu wengi hawajui kwamba upo. Ngurumo zikisikika, kinga ya kweli inabaki ileile: plagi zitoke ukutani, na waya wa dishi ufunguliwe nyuma ya king'amuzi. Anayechomoa plagi akauacha waya wa dishi ameacha nusu ya kazi.

Mfano wa kuunganisha uwe sebule ya kawaida ya Biharamulo Mjini: televisheni ya inchi 43 yenye matundu matatu ya HDMI, moja likiwa la ARC, na tundu la OPTICAL, king'amuzi cha dishi, na saundibaa ya bei ya kati yenye OPTICAL, HDMI ARC, AUX na blutuuthi. Mwenye nyumba anaanza kwa kuchomoa kila kitu ukutani. King'amuzi anakiunganisha na televisheni kwa HDMI kama kawaida, kwa kuwa televisheni ndiyo itakayokusanya sauti zote, ya king'amuzi, ya flashi na ya intaneti, kisha kuzipeleka kwenye saundibaa kwa njia moja. Hata kama king'amuzi ni cha zamani na kimeunganishwa kwa zile nyaya tatu za njano, nyeupe na nyekundu, kwa kawaida televisheni itaipokea sauti hiyo na kuitoa kwa waya wa mwanga vilevile.

Kisha anauchukua waya wa mwanga na kuzivua ncha zake. Hapa ndipo kosa la kwanza hutokea: kila ncha ina kofia ndogo ya plastiki, nyingine angavu kiasi cha kutoonekana, na ikiachwa mwanga hautoki. Ncha yenyewe ina umbo la mraba uliokatwa pembe mbili, kwa hiyo inaingia kwa mkao mmoja tu. Tundu la televisheni lina kijilango kinachojifunga kuzuia vumbi, jambo jema kwa nyumba zilizo kando ya barabara ya vumbi, na ncha inakisukuma kijilango hicho ndani mpaka kidole kihisi imenasa. Ikilegea itatoka siku kabati linaposogezwa kufagia. Waya usikunjwe kwa pembe kali wala kubanwa na mguu wa meza, kwa sababu uzi wa plastiki ukivunjika ndani hauonekani kwa nje.

Kabla ya kuchomeka upande wa saundibaa, anairudisha televisheni kwenye umeme, anaiwasha na kuitazama ncha iliyo huru. Kama inatoa mwanga mwekundu, televisheni inatuma na waya ni mzima. Kipimo hicho cha bure hakipo kwa HDMI wala kwa blutuuthi, nacho kinamwokoa mtu kubahatisha. Pasipo na mwanga, tatizo liko kwenye waya, kwenye kofia iliyosahauliwa, au kwenye mipangilio ya televisheni, na saundibaa haihusiki.

Mwanga ukionekana anachomeka ncha ya pili, anaiwasha saundibaa, na kubonyeza kitufe cha kuchagua chanzo mpaka kioo chake kidogo kiandike OPT, OPTICAL au D.IN, kutegemea mtengenezaji. Kwenye televisheni anaingia Settings, kisha Sound, kisha Sound Output au Speakers, anachagua Optical. Zipo televisheni zinazotuma kwa OPTICAL wakati wote, na hapo anachotakiwa kufanya ni kuzima spika za televisheni, la sivyo sauti mbili zitasikika zikifuatana kama mtu anayeongea ndani ya kanisa tupu.

Hatua ya mwisho ndiyo inayowachanganya wengi, na ndiyo yenye dawa rahisi kuliko zote. Waya wa mwanga unaweza kubeba sauti ya pande mbili iliyo wazi, inayoitwa PCM, au sauti ya sinema iliyobanwa ambayo saundibaa lazima ijue kuifungua. Saundibaa za bei nafuu nyingi zinajua PCM peke yake. Televisheni ikiachwa kwenye Auto, Bitstream au Dolby Digital, matokeo ni ya ajabu: chaneli moja inasikika, nyingine iko kimya kabisa, na filamu kwenye flashi inatoa mkwaruzo au kukatakata. Mtu anashuku waya, anashuku king'amuzi, anairudisha saundibaa dukani. Dawa iko kwenye menyu ya sauti, mahali palipoandikwa Digital Audio Out au Digital Output Audio Format. Pachaguliwe PCM, na kimya kinaisha papo hapo.

Kuanzia hapo sauti inaongozwa na rimoti ya saundibaa. Rimoti ya televisheni, katika seti nyingi, haitakuwa na kazi kwenye sauti tena, na hiyo ndiyo bei ya njia hii. Saundibaa kadhaa zinaweza kufundishwa kuzifuata ishara za rimoti ya televisheni. Anayenunua aulize dukani na kuona kwa macho yake ikifanya hivyo, asiridhike na ahadi.

Umeme ukikatika na kurudi, kila njia ina tabia yake. Kwa HDMI ARC, vifaa vikiamka kwa pamoja, saundibaa inaweza kumaliza kuwaka kabla ya televisheni, ikamtafuta mwenzake bila kumpata, na sauti ikabaki kwenye spika za televisheni. Kuizima kwa rimoti hakusaidii sana. Plagi zote zitoke, zisubiri dakika moja hivi, televisheni iwashwe kwanza mpaka picha itulie, ndipo saundibaa ifuate. Kwa waya wa mwanga hakuna kutafutana, kwa sababu mwanga ama upo ama haupo. Linaloweza kutokea ni saundibaa kurudi kwenye blutuuthi au kubaki imezimika, na kitufe cha kuchagua chanzo kinamaliza kazi. Kwa nyumba ambayo umeme unakatika mara kwa mara, unyenyekevu huo wa waya wa mwanga una thamani kuliko rimoti moja ya kila kitu.

Zipo televisheni, hasa zile ndogo za volti 12 zinazoendeshwa na sola, zisizo na OPTICAL wala ARC. Nyuma yake kuna tundu la duara lililoandikwa COAX, au tundu la spika za masikioni, au yote mawili. COAX hubeba sauti ileile ya kidijitali kwa shaba, na kiboksi kidogo cha kuigeuza kuwa mwanga kinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya kielektroniki, ingawa kinataka umeme wake wa volti 5, ambao tundu la USB la televisheni linaweza kuutoa. Tundu la masikioni likiunganishwa na AUX linatosha kwa nyumba ya sola, na hapo mvumo wa ardhi si tatizo sana kwa kuwa betri haijafungwa kwenye laini ya umeme. Lakini kama saundibaa inachukua umeme kutoka kwenye kontroli na betri ileile ya televisheni, mlio mwembamba unaweza kujitokeza. Adapta tofauti, au tena kile kiboksi cha mwanga, huuondoa.

Vibanda umiza vya Nyakanazi, pale magari ya Rusumo, Kahama, Kibondo na Bukoba yanapokutana, vina hesabu yao. Televisheni imetundikwa juu, watu ni wengi, na spika zimewekwa mbali. Blutuuthi katika chumba kilichojaa miili na simu huanza kukatakata, kwa kuwa miili hunyonya mawimbi yake na simu hushindania masafa yaleyale. Waya wa mwanga wa plastiki hufanya kazi vizuri hadi mita 5, na uliotengenezwa vyema hufika mita 10. Zaidi ya hapo mwanga unafifia na sauti inaanza kuchanika. Banda refu kuliko hilo lisogeze saundibaa chini ya televisheni, au litumie waya wa sauti wa kawaida hadi kwenye amplifaya na kuuvumilia mvumo wake.

Kwa anayesafiri kwenda Kahama au Bukoba wiki hii kununua, picha ya mgongo wa televisheni iliyopigwa kwa simu ina faida kuliko maelezo ya mdomo. Muuzaji aonyeshwe picha hiyo, kisha saundibaa igeuzwe na matundu yalinganishwe moja kwa moja, herufi kwa herufi. Waya wa mwanga uwemo ndani ya boksi au ununuliwe hapohapo, wa mita 1.5 au 2 kwa sebule ya kawaida, na ujaribiwe dukani kwa kuangalia ule mwanga mwekundu ukitokea ncha ya pili.